Makala Ngapi kwa Wiki? Mgao wa Kusoma na Kuandika Noti kwa Anayeandaa Mapitio ya Maandishi

Mwanafunzi wa uzamili akirudi Amu na agizo la msimamizi wake kwamba akasome makala hamsini kisha aandike sura ya pili ya tasnifu, jambo la kwanza analolifanya ni kupakua. Wiki mbili baadaye ukimuuliza amefika wapi, atakujibu, "Nishapata sitini." Ni kweli anazo, nyingine kwenye kompyuta, nyingine kwenye simu, ila hajui aanze na ipi. Kwenye kundi la WhatsApp la wenzake ubishi hauishi: mmoja asema ishirini zatosha, mwingine ameambiwa mia, na wa tatu anashikilia kwamba makala yoyote iliyopita miaka mitano haihesabiki. Wote wanahesabu faili. Faili haionyeshi kama mtu amesoma, wala kama amekielewa alichokisoma.

Tuanze na maneno yenyewe. Makala hapa ni ripoti ya utafiti iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma, kwa kawaida kurasa kumi hadi ishirini, yenye ikisiri mwanzoni, mbinu na matokeo katikati, na marejeleo mwishoni. Mapitio ya maandishi ni sehemu ya tasnifu inayomweleza msomaji ni nini kinachojulikana kuhusu swali lako, watafiti wanakubaliana wapi, wanatofautiana wapi na kwa sababu gani, na ni kipi bado hakijachunguzwa. Mgao wa wiki ni kiasi cha kazi ya kusoma unachojiwekea kati ya Jumatatu na Jumapili. Noti ni maandishi yako mwenyewe kuhusu makala fulani, yaliyoandikwa ili siku ya kuandika sura usilazimike kuifungua makala hiyo tena.

Katika maneno hayo manne, noti ndiyo inayobeba mengine yote. Ndiyo maana naona mgao wa wiki uhesabiwe kwa noti zilizokamilika.

Si kila makala husomwa sawasawa

Wengi tumefundishwa kwamba kusoma ni kuanza ukurasa wa kwanza na kumalizia wa mwisho, na anayeruka anadanganya. Kwa kitabu cha darasani inafaa. Kwa makala za utafiti ni njia ya kuchoka wiki ya pili, maana nyingi kati ya zile utakazozikuta hazihusu swali lako, na hutajua hivyo mpaka uwe umepoteza saa mbili. Mchuuzi wa samaki akifika pwani asubuhi hawapasui samaki wote wa tengani ndipo aamue. Huinua shavu, akatazama wekundu na macho, akatenga. Kusoma kwa kuchuja ndiko huko. Unatazama kichwa, ikisiri, picha na majedwali, kisha aya mbili za mwisho. Dakika kumi zatosha kuamua mojawapo ya mambo matatu: inaingia, haiingii, au inangoja.

Zile zilizoingia husomwa kwa kiwango cha pili. Hapa unasoma utangulizi haraka, mbinu kwa makini, matokeo kwa makini zaidi, na unaandika noti. Kwa mtu asiye na mazoea, saa moja na robo kwa makala moja, noti ikiwemo, ni kadirio la haki. Kiwango cha tatu ni cha makala chache ambazo hoja yako itaziegemea: unarudi kwenye kila jedwali, unajiuliza kama hitimisho la mwandishi linatokana kweli na alichokipima, na unafuata marejeleo yake. Hiyo hula saa mbili zaidi.

Sasa hesabu inawezekana. Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari wa Lamu anayesoma uzamili wa mazingira huku akifundisha. Ana saa kumi kwa wiki na hana zaidi. Jumatatu usiku, saa mbili, anachuja makala kumi na mbili. Jumatano usiku anasoma moja kwa kiwango cha pili. Jumamosi asubuhi, kabla nyumba haijajaa wageni, anasoma tatu. Hizo ni saa tatu na dakika arobaini na tano. Jumapili anatumia saa mbili kwa makala moja ya kusomwa kwa kina, ambayo huichagua kati ya nne za wiki hiyo au za wiki zilizotangulia, na saa moja ya mwisho ni ya jedwali, ambalo tutalifikia. Mgao wake basi ni 12 za kuchuja, 4 za kusoma, 1 ya kuchimba.

Akifanya hivyo wiki nane, atakuwa amechuja makala 96, amesoma 32, na amechimba 8. Hapo lile agizo la "makala hamsini" linaanza kueleweka, maana kwa tasnifu ya uzamili 32 zenye noti kamili, pamoja na ripoti kadhaa za taasisi, huishia kuwa marejeleo ya kutosha sura nzima. Ratiba yote ni ya wiki kumi na mbili: ya kwanza kwa swali na utafutaji, nane za kusoma, moja ya kufidia yaliyochelewa, mbili za kuandika. Hiyo wiki ya kufidia isiondolewe. Mtoto ataugua, umeme utakatika, mitihani ya shule itasahihishwa usiku.

Wiki ya kwanza: swali kabla ya kupakua

Mwalimu wetu alianza na mada "Mikoko ya Lamu". Ni mada nzuri ya mazungumzo barazani, ila haisomeki, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu na imeandikiwa kuhusu uvuvi, hewa ya ukaa, bandari, ujenzi, sheria na mengineyo. Alipoipunguza ikawa swali: ukataji wa miti ya kujengea umeathiri vipi kuota upya kwa mkoko na mkandaa katika misitu ya Lamu? Sasa ana aina mbili za miti, tendo moja na mahali pamoja. Makala ya samaki wanaozaliana kwenye mizizi ya mikoko, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiingii.

Kutafuta nako kuna utaratibu. Majina tuliyoyazoea kwetu hayapatikani katika majarida mengi, kwa hiyo hutafutwa kwa majina ya kisayansi: mkoko ni Rhizophora mucronata, mkandaa ni Ceriops tagal. Kwenye Google Scholar aliandika hivi:

```
"Rhizophora mucronata" regeneration (Lamu OR Kenya)
"Ceriops tagal" (regeneration OR recruitment) Kenya
```

Alama za kunukuu zinalazimisha jina zima lipatikane pamoja, na `OR` lazima iandikwe kwa herufi kubwa. Alinakili maneno hayo kwenye daftari pamoja na tarehe. Wengi hawafanyi hivyo, na mwezi wa tatu msimamizi akiuliza "ulitafuta vipi?" hawana jibu.

Akishapata makala mbili tatu zinazogusa swali lake moja kwa moja, kutafuta kwa maneno hakumsaidii sana tena. Anafuata marejeleo yaliyo nyuma ya makala ili aone kazi za zamani, na anabonyeza `Cited by` chini ya makala hiyo ili aone kazi mpya zilizoitaja. Anatafuta pia maandishi ambayo si ya majarida: ripoti za taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, na mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027. Yote huingia kwenye rundo moja la kuchujwa. Hapakui faili nzima mpaka makala iwe imepita mchujo, na kwa uamuzi huo mmoja kompyuta yake haifanani tena na ile yenye faili sitini.

Kuhusu miaka mitano: sharti hilo lina maana pale mbinu au hali inapobadilika upesi. Kwa msitu ambao mti wake huchukua miaka mingi kufikia unene wa boriti, makala ya miaka ya tisini yaweza kuwa ndiyo pekee inayoonyesha hali ilivyokuwa kabla. Ukiitupa, hutakuwa na pa kuanzia ulinganisho wako.

Noti inayofaa inaandikwaje

Kupiga mstari wa njano kwenye faili si kuandika noti. Rangi inakwambia kwamba siku fulani uliona sentensi hii ni muhimu, haikwambii kwa nini. Kunakili ikisiri nako ni hatari zaidi, kwa sababu miezi miwili baadaye hutakumbuka kama sentensi ile ni yako au ya mwandishi, na ndivyo wizi wa kitaaluma unavyotokea kwa watu wasiokusudia kuiba.

Utaratibu wa mwalimu wetu ni huu. Anasoma, anaifunga faili, anaandika, kisha anaifungua tena kuhakikisha tarakimu na nambari za kurasa. Kuifunga ndiko kunakomlazimisha atumie maneno yake. Noti haizidi ukurasa mmoja na ina sehemu zilezile kila mara. Hii ni moja ya mfano, ya makala ya kubuni:

> Swali lao: Je, miche ya mkoko inatosha kuujaza msitu uliokatwa?
>
> Mahali na mwaka wa kukusanya data: vijito vya kaskazini, 2016 (imechapishwa 2020)
>
> Walipima nini: idadi ya miche kwa hekta, ya urefu wowote, msimu mmoja (uk. 4)
>
> Walipata nini: miche ni mingi, hata palipokatwa sana (uk. 6)
>
> Wanasema wenyewe hawakuweza nini: hawakurudi kuona ni mingapi ilikua (uk. 9)
>
> MIMI: Wingi wa miche midogo hauonyeshi kwamba itakua. Linganisha na waliotenga miche kwa urefu.

Angalia mstari wa pili. Mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa kazi ya msituni ni vitu viwili, na katika swali hili tofauti yake ni kubwa. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa Lamu wakaguswa. Makala iliyochapishwa 2020 kwa data ya 2016 inaeleza msitu wa kabla ya marufuku hiyo. Anayetazama tarehe ya jarida peke yake atasema msitu ulikuwa hivyo "baada ya marufuku", na hoja yake nzima itakuwa imepinda bila yeye kujua. Mwaka wa data hupatikana kwenye sehemu ya mbinu, mara nyingine katika sentensi moja tu, na ndiyo sababu sehemu hiyo haisomwi haraka.

Mstari wa mwisho umetengwa kwa neno MIMI kwa herufi kubwa. Kila kilicho juu yake ni cha mwandishi wa makala, kilicho chini yake ni chako. Mpaka huo ukiulinda tangu noti ya kwanza, siku ya kuandika hutakuwa na shaka ni nani aliyesema nini.

Una njia rahisi ya kujua kama noti imefaulu. Chukua ya wiki mbili zilizopita, uisome bila kufungua faili, ujaribu kueleza kwa sentensi mbili makala ile ilipima nini na ikapata nini. Ukishindwa, noti hiyo irudiwe. Ukikuta imefika kurasa tatu, hukuandika noti, umenakili makala kwa mkono.

Saa moja ya jedwali

Hii ndiyo saa inayotupwa kwanza mtu akibanwa, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jumapili mwalimu wetu anahamishia noti za wiki kwenye jedwali moja: kila makala mstari mmoja, na safu za mahali, mwaka wa data, aina ya mti, kilichopimwa na kilichopatikana. Maneno machache kwa kila kisanduku. Halafu anaacha kusoma kwa kulala, anasoma kwa kushuka: safu moja kutoka juu hadi chini, akipita makala zote.

Kufika wiki ya tano ana mistari kumi na sita. Anaposhuka kwenye safu ya "kilichopatikana" anaona makala zinagombana. Baadhi zasema miche inatosha, nyingine zasema msitu hautajirudisha. Wiki ya pili angeandika tu kwamba "watafiti hawakubaliani" na kuishia hapo. Sasa anahamia safu ya "kilichopimwa" na jambo linajitokeza. Waliosema inatosha walihesabu miche yote pamoja. Waliosema haitoshi waliigawa katika madaraja matatu ya urefu: chini ya sentimita 40, kati ya 40 na 150, na zaidi ya 150. Kuna uwiano unaotumiwa na wataalamu wa mikoko, 6:3:1, maana yake kwa kila mche mmoja mrefu pawe na mitatu ya kati na sita midogo. Msitu waweza kuwa umejaa miche midogo iliyoanguka juzi tu kutoka kwenye miti mama, na daraja la tatu likawa karibu tupu. Ukiihesabu yote pamoja utafurahi, ukiigawa utaona kwamba haikui.

Safu ya aina ya mti nayo ilimwonyesha jingine. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ukikatwa huchipua kwenye kisiki. Mkoko mkubwa ukikatwa kisiki chake hufa, kwa hiyo kurudi kwake kunategemea mbegu ndefu zinazoota zikiwa bado mtini kisha zikaanguka topeni. Baadhi ya makala alizozisoma zilizungumzia "mikoko" kwa jumla, mchu ukiwemo. Matokeo yake hayawezi kubebwa mazima mazima mpaka kwenye swali la mkoko na mkandaa.

Mambo haya mawili hayakuwa kwenye makala yoyote moja. Yalitoka kwenye kulinganisha, na bila safu ya "kilichopimwa" yasingeonekana. Makala zake nne za kwanza hakuzijazia safu hiyo, akazirudia. Kisanduku kitupu katika jedwali ni ishara nzuri: ama makala haikusema, na hilo ni udhaifu wake unaofaa kutajwa, ama wewe hukusoma sehemu ya mbinu.

Ratiba ikiyumba

Mgao usiofikiwa haubebwi kwenda wiki inayofuata. Ukisoma mbili badala ya nne, wiki ijayo ni nne vilevile, wala si sita. Hizo mbili zinarudi kwenye rundo na zitashindania nafasi na nyingine. Deni la kusoma likilimbikizwa mtu huanza kusoma haraka ili alilipe, na noti ndizo zinazoumia.

Mwezi wa Ramadhani mgao wapunguzwe mapema, kabla mwili haujaupunguza wenyewe. Kwa mwalimu wetu ni nusu: sita za kuchuja, mbili za kusoma, moja ya kuchimba kila baada ya wiki mbili, huku saa ya jedwali ikibaki. Hiyo ni kama saa tano na nusu kwa wiki, na wengi huiona rahisi zaidi baada ya daku kuliko baada ya tarawehe. Ratiba ikiangukia mwezi huo, wiki za kusoma ziongezwe tangu mwanzo na msimamizi aelezwe.

Upande wa pili ni yule asiyejua kuacha. Atasoma mpaka wiki ya ishirini akihofia kwamba ipo makala moja aliyoikosa. Kipimo cha kuacha kiko kwenye mchujo wa Jumatatu. Wiki ya pili, karibu makala zote kumi na mbili zilikuwa ngeni kwake. Wiki ya nane, tisa kati ya kumi na mbili amekwisha kuziona kwenye marejeleo ya wengine, na tatu zilizobaki hazikuongeza safu wala kubadili ulinganisho wowote kwenye jedwali. Hapo uwanja umemalizika kwa swali hili, hata kama idadi haijafika hamsini. Ikiwa wiki ya nane bado nusu ya makala ni ngeni, tatizo si bidii: swali lingali pana, na linapaswa kupunguzwa kabla ya kuendelea.

Kutoka jedwali hadi sura

Wiki mbili za mwisho mwalimu wetu hafungui tena faili za makala, ila kuhakikisha ukurasa. Anaandika akitazama jedwali. Wanafunzi wengi huandika aya moja kwa kila makala: fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile. Hiyo ni orodha. Aya ya mapitio hujengwa juu ya safu. Aya moja ni ya tofauti ya kuhesabu miche, nayo inabeba makala saba kwa pamoja, ikianza na dai lake mwenyewe: "Tofauti ya matokeo kuhusu kuota upya inatokana kwa sehemu kubwa na namna miche ilivyohesabiwa." Aya nyingine ni ya aina za miti. Nyingine ni ya miaka ya data, na hapo ndipo pengo lake la utafiti linapojitokeza: katika makala alizozisoma, zilizogawa miche kwa madaraja zote zilikuwa na data ya kabla ya 2018.

Siku chache kabla ya kumkabidhi msimamizi, anarudi kwenye daftari, anachukua yale maneno ya utafutaji aliyoyaandika wiki ya kwanza, na kuyatafuta tena akiwekea mipaka mwaka huu na uliopita. Zikitokea makala mbili mpya zinazohusu, anazisoma kwa kiwango cha pili, anaziongezea mistari yake kwenye jedwali, na kutazama kama lile pengo bado lipo.